Ng'ombe Mmoja, Wadai Wawili: Mfugaji Afanye Nini?

Wakulima wa Fort Ternan, Koru na Kipkelion wanaijua vizuri desturi ya kumwekea mtu ng'ombe. Wakipsigis huiita kimanagan. Mtu mwenye ng'ombe wengi kuliko majani yake, au anayeondoka nyumbani kwenda kazini katika mashamba ya chai ya Kericho, humpelekea rafiki yake ng'ombe mmoja au wawili. Rafiki huwachunga, huwaogesha dawa ya kupe na kukama maziwa yao, lakini ng'ombe hubaki mali ya yule aliyewaleta. Mara nyingi hakuna karatasi inayoandikwa, kwa kuwa watu hao wanajuana na kuaminiana.

Taabu mara nyingi haianzi kati ya hao wawili. Huanza siku mtu wa tatu anapofika bomani na kusema, "Ng'ombe huyu ni wangu, nimemnunua," na yule aliyemweka anasema, "Usimtoe, bado ni wangu." Mfugaji amesimama katikati. Yeye hadai kitu, lakini kila upande unamtishia korti. Mafahali wawili wapiganapo, ziumiazo nyasi, na hapa nyasi ni mfugaji.

Watu wengi hawajui kwamba sheria ya Kenya imemwekea mtu wa namna hii njia yake. Anaweza kwenda kortini yeye mwenyewe kabla ya kushtakiwa, akawaleta wadai wote wawili mbele ya hakimu, akasema, "Mali hii hapa. Amueni ni ya nani, nami nitampa huyo." Na kama ameshashtakiwa na mmoja, anaweza kuomba yule mwingine aingizwe katika shauri lile lile. Mwezi huu tutaeleza njia hizo mbili, na ili zieleweke tutafuata mfano wa ng'ombe mmoja tangu mwanzo hadi mwisho. Mfano huu tumeutunga, lakini mambo yaliyomo hutokea.

MFANO WETU

Mtu mmoja, tumwite Mwekaji, alileta ng'ombe wa gredi kwa rafiki yake wa Fort Ternan, ambaye tutamwita Mfugaji. Walipatana mambo matatu. Maziwa yatakuwa ya Mfugaji kwa ajili ya kazi na malisho. Dawa za ugonjwa zitalipwa na Mwekaji. Na ndama wa pili atakayezaliwa atakuwa wa Mfugaji. Ng'ombe akazaa mara mbili, na ndama wa pili, mtamba mzuri, yuko bomani.

Mwezi wa 5, Mwekaji akapatana na mtu mwingine, Mnunuzi, kumwuzia ng'ombe yule kwa shilingi 90,000. Siku hiyo Mnunuzi alilipa shilingi 60,000, na karatasi ikaandikwa mbele ya mashahidi wawili: "Shilingi 30,000 zilizobaki zitalipwa mwisho wa mwezi wa 7, ndipo ng'ombe atachukuliwa." Mfugaji hakuwapo wala hakupewa nakala.

Mwezi wa 8 Mnunuzi alifika na lori. Alisema amemaliza fedha zote, na zile 30,000 alizilipa mkononi. Jioni ile ile Mwekaji akapiga simu, akasema hajaziona fedha hizo, na ng'ombe asitoke. Mnunuzi akaacha maneno makali: asipopewa ng'ombe katika siku 7 atamshtaki Mfugaji.

Tazama vizuri ni nani wanaogombana. Ugomvi wa kweli ni juu ya shilingi 30,000, kati ya Mwekaji na Mnunuzi. Mfugaji hajui kama zililipwa, na hawezi kujua. Lakini ng'ombe yuko bomani mwake, kwa hiyo ndiye anayesukumwa.

HATARI YA KUMPA MMOJA

Wengi katika hali hii humpa ng'ombe yule anayepiga kelele zaidi, au yule waliye rafiki naye, wakidhani mzigo umewatoka. Mzigo haujatoka. Ukimpa Mnunuzi, kisha korti ikaamua kwamba ng'ombe alikuwa bado wa Mwekaji, wewe uliyemtoa unaweza kudaiwa thamani yake, shilingi 90,000 au zaidi kama bei imepanda. Na ukimrudishia Mwekaji, Mnunuzi anaweza kukudai vivyo hivyo. Kusema "nilitenda kwa nia njema" hakutakuokoa, kwa maana sheria huuliza mali ilikuwa ya nani, haiulizi moyo wako ulikuwaje.

Kwa upande mwingine, kumzuia ng'ombe siku chache ili kupata hakika si kosa. Mtu anayemwambia mdai, "Sikatai, lakini kuna mwingine anayedai ng'ombe huyu, nipe nafasi nipate hakika," yuko salama kwa muda wa haki. Anayesema, "Sitoi, nenda utakako," amekataa, na hapo anaweza kushtakiwa kwa kuzuia mali ya mtu.

Kuna jambo jingine ambalo wachache wanalijua. Mali iliyo mikononi mwa mtu wa tatu inapouzwa, sheria yetu ya uuzaji wa bidhaa, Sura ya 31, husema kwamba mwuzaji hahesabiwi kuwa amemkabidhi mnunuzi mali ile mpaka huyo mtu wa tatu akubali kwa mnunuzi kwamba sasa anamwekea yeye. Maana yake ni hii: Mfugaji akimwambia Mnunuzi, "Sawa, tangu leo ng'ombe nakuwekea wewe," maneno hayo peke yake yanaweza kuwa makabidhiano. Mwekaji anaweza kupoteza nguvu yake ya kumzuia ng'ombe mpaka alipwe, na Mfugaji amejifunga kwa Mnunuzi bila kujua. Kwa hiyo usiseme neno kama hilo kwa mdomo, wala usiliandike katika simu, mpaka jambo limekwisha.

KWANZA BARUA NA WAZEE

Kabla ya korti, mwandikie kila mdai barua, maneno yale yale kwa wote wawili. Mweleze kwamba kuna watu wawili wanaodai ng'ombe mmoja. Kwamba wewe hudai ng'ombe huyo. Kwamba uko tayari kumtoa kwa yule watakayekubaliana wote wawili kwa maandishi. Na kwamba wasipokubaliana katika siku 14 utapeleka jambo kortini. Taja ng'ombe kwa rangi, umri na namba ya hereni ya sikio kama anayo. Weka nakala, na kama ukipeleka barua kwa mkono mwombe aliyepokea atie sahihi. Ukituma kwa simu, usiufute ujumbe.

Kisha waite kwa wazee au kwa naibu wa chifu. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 159, inazitaka korti zenyewe zihimize watu kupatana kwa njia za namna hii, ilimradi haki za mtu hazikiukwi. Wakipatana, kwa mfano Mnunuzi aongeze shilingi 15,000 na kumchukua ng'ombe, andikeni karatasi moja yenye sahihi za wote wawili na za mashahidi, isemayo kwamba Mfugaji amtoe ng'ombe kwa fulani na kwamba hadaiwi tena na yeyote. Hapo ndipo umtoe.

Lakini jihadhari. Uamuzi wa wazee hukukinga tu kwa yule aliyeukubali. Kama wazee wamesema ng'ombe ni wa Mnunuzi, na Mwekaji akaondoka barazani bila kutia sahihi, wewe bado uko katikati kama jana. Hilo likitokea, njia ya korti ndiyo iliyobaki.

SHAURI LA KUWAKUTANISHA WADAI

Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai, Sura ya 21, kifungu cha 58, inasema hivi kwa ufupi. Watu wawili au zaidi wakidai deni lile lile, fedha zile zile au mali ile ile kutoka kwa mtu ambaye mwenyewe hadai kitu katika mali hiyo ila gharama zake, naye yuko tayari kuitoa kwa mwenye haki, basi anaweza kuwashtaki wadai wote pamoja ili korti iamue apewe nani, na yeye apate kinga. Taratibu zake zimo katika Amri ya 34 ya Kanuni za mwaka 2010. Mawakili wakizungumza Kiingereza huliita shauri hili intaplida. Sisi tutaliita shauri la kuwakutanisha wadai, maana hiyo ndiyo kazi yake.

Shauri la namna hii si geni. Waingereza walilitungia sheria mwaka 1831, kwa sababu wenye maghala na wasafirishaji wa mizigo walikuwa wakishtakiwa na watu wawili kwa mzigo mmoja. Taabu ya mwenye ghala wa siku hizo na taabu ya mfugaji wetu ni moja.

Mwombaji hana budi kuithibitishia korti mambo matatu, na kwa kawaida huyathibitisha kwa hati ya kiapo.

La kwanza, kwamba hadai kitu katika mali inayogombaniwa, isipokuwa gharama. Hapa Mfugaji wetu aangalie sana. Katika ng'ombe hadai kitu. Lakini ndama wa pili anasema ni wake. Akiomba korti iamue juu ya ng'ombe na ndama pamoja, ombi lake juu ya ndama litaanguka, kwa sababu hapo yeye naye ni mmoja wa wadai. Basi aandike waziwazi: ombi hili ni juu ya ng'ombe peke yake, ndama ni wangu kwa mapatano, na simo katika ombi hili. Kumficha ndama ni vibaya zaidi, kwani mdai mmoja akimtaja hakimu atatilia shaka kiapo chote.

La pili, kwamba hakuna njama kati yake na mdai yeyote. Mfugaji aliyepokea shilingi 5,000 kwa Mnunuzi ili "amsaidie", au aliyeahidiana na Mwekaji jinsi ya kusema kortini, hawezi kula kiapo hiki. Na mambo hayo hujulikana. Ujumbe wa M-Pesa hauna siri.

La tatu, kwamba yuko tayari kuileta mali kortini au kuitoa kama korti itakavyoamuru. Fedha huweza kuwekwa kortini. Ng'ombe haletwi kortini, basi mwombaji husema tu kwamba atafuata amri.

Pamoja na hayo matatu, ni lazima kuwe na madai ya kweli ya pande mbili. Uvumi kwamba shemeji wa Mwekaji "naye anasema ana haki" hautoshi. Ndiyo maana barua zile na majibu yake ni za thamani: zinaonyesha nani anadai, anadai nini, na tangu lini. Na madai yawe juu ya kitu kile kile. Kama Mnunuzi pia anadai shilingi 8,000 za lori lililorudi tupu, dai hilo ni lake na Mfugaji peke yao, na halikwishi kwa shauri hili.

HATUA ZA KORTI

Kama hakuna shauri lolote lililofunguliwa, ombi huanzishwa kwa karatasi iitwayo wito wa kuanzisha shauri, pamoja na hati ya kiapo. Hii ni tofauti na kesi ya kawaida inayoanza kwa hati ya madai. Hakimu mkazi anaweza kusikiliza madai ya mali yasiyozidi shilingi milioni 5, kwa hiyo ng'ombe wa 90,000 haendi Korti Kuu. Kwa watu wa Fort Ternan korti inayojulikana ni ile ya Kericho. Siku hizi karatasi hupelekwa kwa mtandao wa mahakama, na aliye na shida aulize katika ofisi ya usajili ya korti. Wakili si lazima, lakini kwa karatasi hizi mbili hata kikao kimoja naye kinafaa, kwa maana zikikosewa mwanzoni shauri lote hupinda.

Katika hati ya kiapo, Mfugaji wetu angeandika hivi kwa mpango: ni lini na kwa nani alimpokea ng'ombe; mapatano ya maziwa, dawa na ndama; siku aliyofika Mnunuzi na alivyosema; siku Mwekaji alipopiga simu na alivyosema; barua zake mbili na majibu; yale mambo matatu ya kuthibitisha; na gharama zake. Aambatishe nakala za karatasi zote alizo nazo.

Juu ya gharama aseme kweli. Kwa kuwa amekuwa akipata maziwa kwa ajili ya malisho, hawezi kudai tena malisho ya siku hizo. Lakini kama alimlipa daktari wa mifugo shilingi 3,500 ng'ombe alipougua ndigana kali, na risiti ipo, hiyo ni gharama ya haki, kwa kuwa dawa zilikuwa juu ya Mwekaji. Aongeze pia gharama za ombi lenyewe.

Wadai wote wawili hupelekewa karatasi na kuitwa kwa siku moja. Wakifika, korti ina njia kadhaa. Kama jambo ni dogo na wazi, inaweza kuamua pale pale. Kama lina ubishi, korti huandika swali la kuamuliwa na kuamuru mmoja wa wadai awe mlalamishi na mwingine mshtakiwa. Katika mfano wetu swali lingekuwa: je, shilingi 30,000 zililipwa? Na lingefuatiwa na la pili: kama hazikulipwa, ng'ombe ni wa nani?

Swali la pili si rahisi kama linavyoonekana. Sheria ya uuzaji husema kwamba kitu kinachojulikana, kilicho tayari kutolewa, kikiuzwa bila sharti huwa mali ya mnunuzi tangu siku ya mapatano, hata kama fedha hazijaisha. Ila kama wenyewe walikusudia vingine, kusudi lao hufuatwa. Ile karatasi yao inasema, "ndipo ng'ombe atachukuliwa." Mwekaji atasema maneno hayo yanaonyesha kwamba ng'ombe hakuhama mpaka fedha ziishe. Mnunuzi atasema yanahusu siku ya kuchukua tu. Hakimu atasikiliza mashahidi wawili wa karatasi na kuamua. Bwana mkulima, unaona sasa kwa nini Mfugaji hakufaa kuamua jambo hili mwenyewe bomani.

Na Mfugaji je? Akishathibitisha mambo yake matatu, korti inaweza kumtoa katika shauri na kuamuru alipwe gharama zake. Wengine huendelea kubishana bila yeye. Wakati huo korti huamuru ng'ombe akae wapi na kwa masharti gani. Kama mali ni ya kuharibika upesi, au kuitunza kunakula thamani yake, korti inaweza kuamuru iuzwe na fedha zingoje mshindi.

Mdai mmoja akiitwa kwa haki na asifike, korti inaweza kumfungia mlango kabisa asimdai tena mwombaji. Lakini amri hiyo haikati haki za wadai wenyewe kwa wenyewe. Kama Mwekaji hakufika na Mnunuzi akapewa ng'ombe, Mwekaji anaweza kumfuata Mnunuzi, ila Mfugaji ameondoka salama.

IKIWA UMESHASHTAKIWA

Sasa tuseme Mfugaji alichelewa. Siku 7 zikapita, Mnunuzi akamshtaki yeye peke yake, akidai ng'ombe au thamani yake. Kifungu kile cha 58 kinasema kwamba kukiwa na shauri linaloendelea ambalo haki za wote zinaweza kuamuliwa ndani yake, shauri jipya la kuwakutanisha wadai halifunguliwi. Mfugaji hana haja ya kufungua jipya. Analeta ombi ndani ya lile lililopo. Lakini kwanza ajibu wito wa korti katika siku zilizoandikwa juu yake. Akikaa kimya kwa kudhani ugomvi si wake, hukumu inaweza kutolewa juu yake bila kusikilizwa.

Kama hadai kitu katika ng'ombe, ombi lake ni lile lile la Amri ya 34, na korti inaweza kulisimamisha shauri la Mnunuzi kwanza. Kisha inaweza kumweka Mwekaji kuwa mshtakiwa mahali pa Mfugaji, au pamoja naye.

Kama ana dai lake, tuseme Mnunuzi amemdai ng'ombe pamoja na ndama, njia ya Amri ya 34 haimfai kwa ndama. Hapo hutumia Amri ya 1, kanuni ya 10. Kanuni hii huipa korti nguvu, wakati wowote wa shauri, kuongeza mtu ambaye kuwapo kwake kunahitajika ili maswali yote yaamuliwe na kumalizwa. Mfugaji anaweza kuomba, Mwekaji mwenyewe anaweza kuomba aingizwe, na hata hakimu anaweza kuamuru bila kuombwa.

Kwa nini kumwingiza Mwekaji kuna maana kubwa? Kwa sababu kwa kawaida hukumu huwafunga waliokuwa ndani ya shauri tu. Mnunuzi akimshinda Mfugaji peke yake, Mwekaji hakufungwa na hukumu ile. Kesho anaweza kufungua shauri lake na kusema, "Sikusikilizwa." Mfugaji atajikuta analipa mara mbili kwa ng'ombe mmoja. Mwekaji akiwa ndani, neno la hakimu linamfunga yeye pia.

Lakini si kila mtu anayejua habari za ng'ombe yule huingizwa. Daktari wa mifugo aliyemtibu anajua mengi, lakini hadai kitu wala hadaiwi. Yeye ni shahidi, na huitwa kama shahidi. Jiulize hivi: hukumu ikitoka, je, itagusa haki ya mtu huyu? Kama ndiyo, ni mhusika na aingizwe. Kama hapana, atoe ushahidi aende zake. Wanaowaingiza watu ovyo huongeza gharama, na korti huwatoa waliowekwa bila sababu.

Ombi huletwa na hati ya kiapo inayoeleza Mwekaji ni nani, anadai nini, na kwa nini shauri haliwezi kuisha bila yeye. Korti ikikubali, hati ya madai hurekebishwa ili jina lake liandikwe, naye hupelekewa karatasi na kupewa nafasi ya kujibu. Mtu huingizwa kama mshtakiwa hata kama hataki, lakini hawezi kufanywa mlalamishi bila ridhaa yake.

Iko namna moja zaidi. Huenda Mwekaji aliwahi kusema, "Mtoe tu ng'ombe, likitokea neno mimi nitalipa." Mfugaji akishtakiwa baadaye kwa kumtoa, anaweza kumleta Mwekaji kama mtu wa tatu ili atimize ahadi yake ya kubeba hasara. Ruhusa ya korti huombwa katika siku 14 baada ya pande zote kumaliza kupeleka majibu yao ya maandishi. Ahadi ya namna hii ikiwa ya mdomo tu huwa ngumu kuithibitisha, basi iandikwe.

DALALI AKIFIKA BOMANI

Kuna hali moja inayofanana na hizi lakini ina mlango wake mwingine. Tuseme Mfugaji ana deni lake mwenyewe la mbolea, amehukumiwa, na dalali wa korti amefika. Katika boma anaandika ng'ombe wote, pamoja na yule wa Mwekaji. Hapa pia kuna watu wawili wanaosema mali moja, yaani Mwekaji na mdai wa Mfugaji, lakini Amri ya 34 siyo itumikayo. Mwekaji hutumia Amri ya 22, kanuni ya 51, ya kupinga mali yake kukamatwa.

Dalali huandika orodha ya mali na kumpa mwenye boma siku 7 kabla ya kuichukua. Siku hizo ndizo za Mfugaji kumpigia Mwekaji simu, asione haya. Mwekaji hupeleka kortini taarifa ya kupinga pamoja na ombi na hati ya kiapo, kisha katika siku 7 huwapa nakala wahusika wote. Korti inaweza kusimamisha mnada kwa siku zisizozidi 14 na kumwuliza aliyeshinda kesi kama bado anamtaka ng'ombe huyo. Asipojibu, au akisema hamtaki, ng'ombe huachiliwa. Akisema anamtaka, hakimu husikiliza na kuamua. Mlango huu hubaki wazi mpaka fedha za mnada zilipwe kwa mdai. Zikishatoka, Mwekaji amechelewa.

Katika ombi hilo Mwekaji ndiye anayepaswa kuonyesha kwamba ng'ombe ni wake. Wenye madeni wengi husema ng'ombe "ni wa rafiki", na mahakimu wameyasikia maneno hayo mara nyingi. Hapo karatasi moja ya daftari, iliyoandikwa siku ng'ombe alipoletwa, ina nguvu kuliko viapo vitatu vilivyoandikwa baada ya dalali kufika. Iwe na tarehe, rangi na namba ya hereni, mapatano ya maziwa, dawa na ndama, sahihi za wote wawili na za shahidi mmoja, na kila mmoja awe na nakala yake. Kama una ng'ombe wa mtu bomani leo na hamna karatasi hiyo, inaweza kuandikwa jioni hii, maadamu bado hakuna anayegombana.